Kombaini ya Basotu na kodi inayosubiri

Tambarare za Basotu wilayani Hanang zimelimwa kwa mashine kwa zaidi ya miaka 50. Shirika la umma la NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilifungua huko mashamba saba ya ngano, kila moja la ekari zipatazo 10,000. Mashirika yameondoka na wenye mashamba wamebadilika, lakini hali moja iko palepale: anayelima ngano kwa ukubwa huo hutumbukiza fedha nyingi kwenye mashine kwa mara moja, kisha mashine humtumikia kwa miaka. Hapo ndipo vitabu vya mhasibu na hesabu ya kodi hutengana, na hapo ndipo wamiliki wengi hujikuta wamegawana fedha ambazo kwa kweli zilikuwa za kodi ya miaka ijayo.

Tuchukue kampuni ya mfano, isiyo ya mtu yeyote. Mwanzoni mwa mwaka imenunua kombaini kwa shilingi milioni 480, na inatarajia kuitumia miaka minane, baada ya hapo isibaki na thamani ya kuhesabika. Mhasibu anagawanya gharama hiyo sawasawa, milioni 60 kila mwaka. Faida ya shamba kabla ya kutoa uchakavu ni milioni 560 kwa mwaka, nasi tutaishikilia hivyo miaka yote minane ili macho yabaki kwenye kodi. Vitabuni, basi, kila mwaka unaonyesha faida ya milioni 500.

Mamlaka ya Mapato haitumii uchakavu wa mhasibu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaufuta kabisa, na badala yake inatoa punguzo lake yenyewe kwa viwango vilivyoandikwa kwenye Jedwali la Tatu. Jedwali hilo limepanga mali katika madaraja. Mitambo na mashine zinazotumika katika kilimo ziko daraja la 8, na kiwango chake ni asilimia 100. Maana yake ni kwamba kombaini yote ya milioni 480 inakatwa kwenye mapato ya mwaka wa kwanza. Ni uamuzi wa kisera wa kumpunguzia mkulima mzigo katika mwaka anaotoa fedha nyingi, na kwa maoni yangu ni uamuzi mzuri. Ila haumsamehe kodi. Unaisogeza mbele tu.

Mwaka wa kwanza, faida inayotozwa kodi ni 560 kutoa 480, yaani milioni 80. Kwa kiwango cha kampuni cha asilimia 30, kodi ni milioni 24. Mwaka wa pili hakuna tena cha kukata: faida inayotozwa ni milioni 560 yote, na kodi ni milioni 168. Itabaki 168 hadi mwaka wa nane.

Sasa tuseme mhasibu anaandika kwenye taarifa ya mapato na matumizi kodi ile tu inayolipwa mwaka husika. Mwaka wa kwanza faida baada ya kodi inasomeka milioni 476. Mwaka wa pili inasomeka milioni 332. Shamba ni lilelile, mavuno ni yaleyale, bei haikubadilika, lakini mwanahisa anayesoma ataona faida imeanguka kwa milioni 144 na kuanza kumtafuta meneja. Ubaya zaidi ni ule wa mwaka uliotangulia. Wanahisa walipoiona 476 huenda waligawana gawio kwa kipimo hicho, na awamu za kodi za mwaka wa pili zilipofika, mara saba ya zile za kwanza, fedha zilikuwa zimeshatoka.

Tatizo ni kwamba ile milioni 24 haikuwa kodi yote iliyosababishwa na faida ya mwaka wa kwanza. Vitabu vimetoa uchakavu wa milioni 60, hesabu ya kodi imetoa 480. Pengo ni milioni 420. Pengo hilo litajirudi lenyewe: katika miaka saba inayofuata vitabu vitaendelea kutoa 60 kila mwaka ilhali hesabu ya kodi haitoi chochote, na 60 mara saba ni 420. Tofauti za namna hii, zinazozaliwa mwaka mmoja na kufa mwaka mwingine, ndizo tofauti za muda. Asilimia 30 ya milioni 420 ni milioni 126, na hiyo ndiyo kodi iliyoahirishwa.

Mhasibu anayefuata utaratibu huandika hivi mwaka wa kwanza: kodi ya mwaka milioni 24, kodi iliyoahirishwa milioni 126, jumla ya gharama ya kodi milioni 150. Ile 126 inakwenda kwenye mizania kama dhima. Kuanzia mwaka wa pili, kodi ya mwaka ni 168, lakini milioni 18 zinatolewa kwenye ile dhima, kwa hiyo gharama ya kodi inabaki 150. Kumi na nane mara saba ni 126. Mwaka wa nane dhima imekwisha. Faida baada ya kodi ni milioni 350 kila mwaka, kama inavyostahili shamba lisilobadilika. Na ukijumlisha kodi iliyolipwa kweli kwa miaka minane, 24 na mara saba ya 168, unapata 1,200, sawa kabisa na 150 mara nane. Hakuna shilingi iliyoongezwa wala kupotea.

Kuna njia fupi ya kutambua kama kazi hii imefanyika. Gawanya gharama ya kodi kwa faida kabla ya kodi. Katika mfano wetu, asiyeahirisha atapata asilimia 4.8 mwaka wa kwanza na 33.6 miaka inayofuata. Aliyeahirisha atapata 30 miaka yote. Uwiano ukienda mbali na 30, lazima pawe na sababu inayotajika. Sababu moja halali ni tofauti za kudumu, kwa mfano faini: mhasibu ameitoa kwenye faida, sheria ya kodi haiikubali leo wala mwakani, na kwa kuwa haitajirudi kamwe haizai kodi iliyoahirishwa. Inaupandisha uwiano na kuishia hapo.

Wengi hudhani pengo siku zote huelekea upande mmoja, yaani kodi hukata haraka na vitabu hufuata polepole. Ukipanda kutoka Hanang kwenda Mbulu, kwenye vitunguu saumu, mali kubwa ya mfanyabiashara si kombaini bali ni lori. Lori la kubeba tani 7 na kuendelea liko daraja la 2, ambako punguzo ni asilimia 25 ya thamani inayobaki. Kampuni ikinunua lori kwa milioni 160 na kulipangia miaka mitano, vitabu vinatoa milioni 32 kila mwaka. Hesabu ya kodi inatoa 40 mwaka wa kwanza, 30 wa pili, 22.5 wa tatu, na kuendelea kupungua. Mwisho wa mwaka wa kwanza vitabu vinasema lori ni milioni 128 na kodi inasema 120; kuna dhima ndogo ya milioni 2.4. Mwisho wa mwaka wa tatu vitabu vinasema 64, kodi inasema 67.5. Pengo limegeuka. Sasa ni hesabu ya kodi ambayo bado ina gharama ya kukata, na dhima imekuwa rasilimali ya takriban milioni moja. Mhasibu aliyenakili dhima ya mwaka jana bila kupiga hesabu upya ataweka namba hiyo upande usio wake wa mizania.

Ndiyo sababu utaratibu wa leo hauanzi kwa kulinganisha faida mbili bali kwa kulinganisha thamani mbili za kila mali: ile ya vitabuni na ile iliyobaki kwa ajili ya kodi. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 12 kilitoka mwaka 1979 kikiwa na mtazamo wa faida, kikaandikwa upya mwaka 1996 na kuhamia kwenye mizania; Tanzania ilipokea viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tangu Julai 2004. Kwa kombaini yetu jibu halibadiliki: vitabuni milioni 420, kwa kodi sifuri. Jibu hubadilika pale, tuseme, ghala la ngano linapothaminiwa upya na kupanda bei vitabuni. Faida ya mwaka haijaguswa, kwa hiyo anayelinganisha faida haoni kitu, lakini thamani mbili zimeachana na kodi iliyoahirishwa inapaswa kuandikwa.

Mvua zikikosekana hesabu inakuwa na sura nyingine. Kombaini imenunuliwa, mavuno yameanguka, na faida kabla ya uchakavu ni milioni 280 badala ya 560. Vitabu vinaonyesha faida ya 220. Hesabu ya kodi, ikishakata 480, inaonyesha hasara ya 200, ambayo sheria inaruhusu ihamishiwe mbele. Kodi ya mwaka ni sifuri. Dhima ya kombaini ni ileile milioni 126, lakini hasara ya 200 ina thamani ya milioni 60 kwa kodi ya miaka ijayo, kwa hiyo dhima halisi ni 66, ambayo ni asilimia 30 ya faida ya 220. Rasilimali inayotokana na hasara kwa kawaida inahitaji uthibitisho kwamba faida ya kuimeza itapatikana. Hapa sehemu kubwa ya uthibitisho imeshapatikana, maana pengo la kombaini litakapojirudi ndilo litakaloleta faida ya kutozwa ambayo hasara hiyo itaikata. Kampuni isiyo na pengo kama hilo, yenye hasara za misimu kadhaa mfululizo, haina haki ya kuandika rasilimali hiyo kwa matumaini tu ya mvua.

Hata hivyo msomaji wa mizania asiichukue dhima hii kama deni la kawaida. Mamlaka ya Mapato haiidai leo, haina tarehe ya kulipwa, haizai riba, na kiwango namba 12 kinakataza kuipunguza kwa ajili ya muda wa kusubiri, kwa hiyo milioni 18 za mwaka wa nane zimehesabiwa sawa na za mwaka wa pili. Tena kampuni inayoendelea kununua mashine kila msimu hufungua pengo jipya kabla la zamani halijafunga, na dhima yake inaweza kukua kwa miaka mingi bila kushuka. Benki zenye wachambuzi makini huitenga na mikopo zinapopima uwezo wa kampuni kulipa. Namba inayostahili kuulizwa ni ile ya mwaka ambao kampuni itaacha kununua, kwa sababu mashine zikishakatwa zote na nyingine isije, kodi ya fedha taslimu itapanda hadi 168 na kubaki huko.