Kicheko cha Kashasha na Daraja Lisiloonekana

Msomaji anapopita katika aya yenye hoja, mara nyingi huona vitu viwili tu: ushahidi na dai. Kati yake kuna kitu cha tatu ambacho mwandishi hakukiandika, pengine kwa sababu hata yeye hakukiona. Ni dhana inayouvusha ushahidi hadi kwenye dai, kama daraja lililojengwa chini ya maji. Tunavuka bila kuliangalia, na likiwa bovu tunajikuta ng'ambo tukidhani tumefika salama.

Sijui mfano ulio bora kwa somo hili kuliko kisa kilichotokea katika Wilaya ya Bukoba ya zamani, mahali ambapo leo ni Muleba. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, walioshikwa walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ilizuka Nshamba na kuwapata watu 217, kisha ikaingia katika shule nyingine karibu na Bukoba. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika taarifa yake mwaka 1963 katika jarida la udaktari la Afrika ya Kati.

Tangu hapo kisa hiki kimezunguka dunia. Hukaririwa takriban kwa namna ya aya ifuatayo, ambayo nimeitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa wanaokisimulia:

«Mwaka 1962 wasichana watatu wa Tanganyika walianza kucheka. Baada ya majuma machache, zaidi ya nusu ya shule ilikuwa ikicheka, na kicheko kikaenea hadi vijijini. Ni wazi basi kwamba kicheko huambukiza: anayetaka kuuchangamsha mkutano anahitaji mtu mmoja tu wa kuanza.»

Sentensi mbili za kwanza ni ushahidi, na karibu kila neno ndani yake ni kweli. Ya tatu ni dai. Hatari imejificha katika maneno «ni wazi basi». Mwandishi anapotuambia kwamba jambo ni wazi, hapo ndipo tusimame, kwa kuwa aghalabu ndipo alipoliruka shimo.

Njia ya kwanza ya kuitafuta dhana ni kulinganisha maneno. Tuulize: ni neno gani limo ndani ya dai, lakini halimo ndani ya ushahidi? Hapa ni «kuchangamsha». Ushahidi haukusema kwamba kuna aliyechangamka. Neno la furaha limeingia njiani, likibebwa na dhana hii: kwamba kicheko cha Kashasha kilikuwa ni kile kicheko chetu cha barazani. Neno lingine ni «huambukiza». Ushahidi unasema hali ilienea. Dai linasema kicheko chenyewe ndicho kilichoieneza, yaani kwamba kusikia mwenzio akicheka kulitosha kukushika.

Njia ya pili ni kuikana dhana na kutazama kama dai linabaki limesimama. Tuseme wasichana wale hawakuwa na furaha. Tuseme pia kwamba kilichopita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni hofu, na kicheko kilikuwa dalili yake mojawapo. Ushahidi wote wa aya unabaki vilevile: watatu, 95, Nshamba. Lakini dai limeanguka. Dhana ambayo ukiikana dai linaanguka, ndiyo iliyokuwa ikilibeba.

Baada ya kuiona, yafaa kuipima kwa yale ambayo aya iliyaacha. Rankin na Philip walieleza kwamba wagonjwa walicheka na pia walilia. Kila tukio lilichukua dakika chache hadi saa chache, likapoa, kisha likarudi. Hawakutulia, na wengine walipigana walipozuiwa. Wapo waliosema kwamba vitu vinazunguka vichwani mwao, au kwamba wanaogopa mtu anayewakimbiza. Walimu watano wa shule ile, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hawakushikwa, ingawa nao walisikia kicheko kilekile kila siku. Kama sauti ya kicheko ingetosha, mbona waliwapita wao? Wenyeji, kwa Kihaya, waliiita hali hiyo enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. Waliokuwa karibu walitaja ugonjwa. Waliokuwa mbali ndio waliosikia furaha. Mwaka 2007 mtafiti Christian Hempelmann, anayechunguza vichekesho, alirudi kwenye taarifa hizo na kuonyesha kwamba kisa hiki hakiwezi kutumiwa kuthibitisha tabia ya kicheko cha kawaida.

Dhana nyingine katika masimulizi haya hufichwa na tarakimu. Husemwa kwamba watu walicheka kwa miezi mingi mfululizo. Ushahidi ni muda ambao hali ile ilidumu katika eneo zima. Dai linahusu muda aliocheka mtu mmoja. Daraja ni dhana kwamba urefu wa mlipuko ni urefu wa ugonjwa wa kila mgonjwa. Hakuna anayesema hivyo kuhusu surua.

Lakini tusije tukadhani kwamba kila dhana iliyofichika ni kosa. Madaktari wenyewe walikuwa nayo. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, chakula kikaangaliwa, na hawakupata sumu wala kijidudu. Wakahitimisha kwamba ni histeria ya umati. Daraja lao ni kwamba kama sababu ya mwilini ingekuwapo, vipimo vya siku zile vingeiona. Hilo peke yake halitoshi. Ila hawakuliegemea peke yake: walitazama pia jinsi hali ilivyofuata nyayo za wanafunzi, na jinsi wagonjwa walivyopona. Dhana yenye nguzo nyingine pembeni inaweza kupitika, mradi tujue ipo.

Namna hiyo ndivyo ninavyolipima dai kwamba chanzo kilikuwa wasiwasi wa Uhuru wa tarehe 9 Disemba 1961. Ushahidi unaotolewa ni ukaribu wa tarehe, siku 52 tu. Lakini Uhuru ulifika katika shule zote za Tanganyika. Ili dai lisimame, lazima kuwe na kitu kilichowafanya wasichana wa Kashasha waubebe kwa uzito zaidi kuliko wenzao, na kitu hicho ndicho ambacho aya za namna hiyo hazikitaji.

Haya si mchezo wa wanachuo. Hata katika miaka yetu wasichana wa shule huanguka kwa makundi, na aya husemwa papo hapo: «Hospitali haikuona ugonjwa, kwa hiyo wamerogwa.» Ikane dhana yake, kwamba kisichoonekana hospitalini lazima kiwe cha uchawi, na dai linaporomoka, kwa maana hofu nayo haionekani katika tone la damu. Asipopatikana wa kuikana, kidole huanza kumtafuta bibi fulani kijijini, na kwake yeye kosa la hoja si jambo la karatasini.