Mstari Mnyoofu Si Ushahidi

Katika mkutano mmoja niliouhudhuria, karatasi ilisomwa juu ya kalsiamu iliyomo katika ndagala walionunuliwa pwani ya Baraka, nayo ikasifiwa kwa sababu mstari wake wa nyongeza ulikuwa mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi. Nilighadhibika, wala sioni haya kukiri. Unyoofu wa mstari ndio sifa ya mwisho kutazamwa, lakini wasiojua huifanya ya kwanza na ya pekee.

Ndagala huliwa na mifupa yao, kwa hiyo jivu lao limejaa kalsiamu na fosfati pamoja. Na fosfati hushikamana na kalsiamu katika mwali, ikaufifisha mwanga wake, hata mtu akilinganisha sampuli na kalsiamu iliyo katika maji safi hupata pungufu ya haki. Hiyo ndiyo sababu ya kutia nyongeza: tunakiongeza kile kile tunachokitafuta ndani ya sampuli ile ile, ili kilichoongezwa kipatwe na dhiki ile ile iliyokipata kilichokuwamo. Lanthani nayo hutiwa katika kila chupa ili ishikane na fosfati badala ya kalsiamu. Asiyeitia, nyongeza zake huizidi fosfati kwa wingi na mstari hupinda.

Mwandishi wa karatasi ile hayo aliyatimiza. Alichukua gramu 1 ya ndagala wakavu, wakisha kukung'utwa mchanga wa ufukweni walikoanikwa, akawachoma hata wakawa jivu, akaliyeyusha kwa asidi, akatimiza mililita 100. Katika chupa nne za mililita 50 alitia mililita 5 za maji hayo, kisha kalsiamu ya miligramu 1000 kwa lita: mililita 0, 1, 2 na 3, yaani nyongeza za miligramu 0, 20, 40 na 60 kwa lita. Mashine ilisoma 24, 40, 56 na 72. Mstari ukarudi nyuma ukaukuta mhimili kwenye 30, na kwa hesabu hiyo ndagala wakawa na gramu 3 za kalsiamu katika gramu 100. Watu wakapiga makofi.

Marehemu mwalimu wangu, ambaye katika zama zile tulipokuwa tukichora mistari kwa penseli na rula hakuwahi kuniruhusu kugusa rula kabla sijautazama mwali, angeuliza neno moja tu: mwali ulikuwa na rangi gani? Kalsiamu huwaka rangi ya tofali. Ukiuona umanjano, ujue sodiamu imo, na chujio la mashine zetu za mwali halina nguvu ya kuizuia yote. Sehemu ya mwanga wake hupenya na kuhesabiwa kuwa kalsiamu. Ndagala hawakosi sodiamu, na waliotiwa chumvi wanayo tele.

Hapa ndipo wanagenzi wote wanapoteleza. Nyongeza huponya dhara moja tu, nayo ni ile inayoubadili mteremko wa mstari. Mwanga wa sodiamu hauugusi mteremko. Ni ule ule katika chupa zote nne, kwa hiyo huunyanyua mstari mzima, ukabaki mnyoofu vile vile, ila ukaukuta mhimili mbali zaidi kuliko inavyostahiki. Wala kuizimua sampuli nusu kwa nusu hakumfichui mwizi huyu, kwani sodiamu nayo hupungua kwa kadiri ile ile na jawabu hurudi na kosa lake.

Dawa yake ni chupa ya tano. Ipimwe sodiamu ya sampuli kwanza, kisha itengenezwe chupa isiyo na kalsiamu, yenye sodiamu kiasi hicho, asidi hiyo na lanthani hiyo, isomwe kwa mwali ule ule. Niliporudia kazi ile kwa ndagala wa fungu lile lile, chupa hii ilisoma 8. Ondoa 8 katika kila namba: 16, 32, 48, 64. Mteremko haukubadilika, lakini mstari sasa waukuta mhimili kwenye 20.

Yako mengine ninayoyashurutisha. Nyongeza ya kwanza ikaribie kiasi kilichomo, na chupa zisipungue nne. Nilipata kumjua mmoja aliyepima mbili tu, akajisifu kuwa mistari yake haijapata kupinda, na kati ya nukta mbili ni mstari gani utakaopinda? Na kila chupa isomwe mara tatu. Hili silitolei hoja, ndivyo nilivyolelewa.

Ewe msomaji, ukiletewa karatasi ya namna hii, itafute chupa ya tano kabla ya kuutazama mchoro, na usipoiona, irudishe kwa mwenyewe. Ndagala wale wa Baraka wana gramu 2 za kalsiamu katika gramu 100, si 3.