Takriri ya Tarehe katika Matangazo ya Kanisani

Mwalimu wa insha akipewa karatasi ya matangazo yanayosomwa kila Jumapili mwishoni mwa ibada, yamkini atashika kalamu nyekundu kabla hajafika katikati yake. Ataona tarehe moja imeandikwa mara nne katika ukurasa mmoja, na kila mara imeandamana na jina la siku. Atapiga mstari, na pembeni ataandika kwamba hapa pana takriri isiyo na maana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo imekosea shabaha, kwa sababu inapima kwa jicho utungo uliokusudiwa sikio. Hata hivyo, matangazo hayo yanayo kasoro yao halisi, nayo imo mahali ambapo kalamu nyekundu haikufika.

Mfano unaofaa ni parokia ya Kikatoliki nchini Kenya. Utaratibu wa Misa huruhusu matangazo mafupi, yakihitajika, baada ya sala inayofuata komunyo na kabla ya baraka ya mwisho. Wakati huo watoto wamekwisha choka, na baadhi ya waumini wanautazama mlango. Karatasi imo mkononi mwa msomaji mmoja tu. Hadhira haina cha kurejea. Kuhusu ule ufupi, kila aliyewahi kuketi katika mabenchi hayo anajua habari zake. Parokia ina jumuiya ndogo ndogo, ina kwaya, ina vijana, ina akina mama na akina baba, na kila kundi huleta ujumbe wake kwa karani. Naye karani huupanga chini ya vichwa: usafi, mafundisho, vijana, ndoa. Kwa hiyo mpango wa matangazo hautokani na kalenda, bali hutokana na muundo wa parokia yenyewe.

Tuseme matangazo yamesomwa Jumapili, tarehe 9 Juni 2024. Mfano ufuatao umeundwa kwa ajili ya uchambuzi, ingawa msomaji ataitambua sauti yake:

"Usafi wa kanisa. Jumuiya ya Mtakatifu Monika, mnaombwa kufika bila kukosa Jumamosi, tarehe 15 Juni, saa moja asubuhi. Mafundisho. Watoto wa kipaimara watakutana kanisani Jumamosi, tarehe 15 Juni, saa nne asubuhi. Vijana. Vijana wote mnakumbushwa kwamba mkutano wenu utafanyika ukumbini Jumamosi, tarehe 15 Juni, saa nane mchana. Ndoa. Kutakuwa na ndoa hapa kanisani Jumamosi, tarehe 15 Juni, saa nne asubuhi."

Mwalimu wa insha angependa tangazo la kwanza litaje tarehe, na yale yanayofuata yaseme "siku hiyo hiyo". Katika maandishi pendekezo hilo halina ubaya, kwa kuwa jicho hupanda juu mara moja na kukiona kinachorejelewa. Lakini sharti izingatiwe jinsi hadhira hii inavyosikiliza. Kichwa cha kila fungu hufanya kazi ya mwito. Likitajwa jina la jumuiya, wanajumuiya huinua masikio na wengine huyalegeza; wakiitwa vijana, huinua vijana. Kwa hiyo kijana anayesikia "siku hiyo hiyo saa nane" anarejeshwa kwenye tangazo la usafi, ambalo yeye alikwisha liachilia lipite kwa sababu halikumhusu. Kirejelezi kipo, lakini kinachorejelewa hakimo katika kumbukumbu yake. Mpango wa mada ndio uliowagawa wasikilizaji, na ukishawagawa hauna budi kumpa kila mmoja tangazo kamili linaloweza kusimama peke yake. Hivyo takriri ya tarehe si uzembe wa karani. Ni gharama ya mpango aliouchagua.

Takriri hiyo ina kazi nyingine, ambayo haionekani mpaka kosa litokee. Jina la siku na tarehe hutoa habari moja kwa njia mbili. Karani akiandika "Jumamosi, tarehe 16 Juni", msikilizaji makini atashtuka, kwani tarehe 16 ni Jumapili. Kama karani angeandika "tarehe 16 Juni" peke yake, kosa lingepita bila kujulikana. Lakini takriri hufichua kosa tu, hairekebishi. Haiwezi kusema ni jina la siku au ni tarehe iliyokosewa, na ndiyo sababu baada ya ibada ya namna hiyo huonekana kikundi cha watu kikimzunguka katekista mlangoni.

Yako maneno ya wakati ambayo hata yakirudiwa mara ngapi hayapati uwazi. Neno "ijayo" ni mojawapo. "Ijumaa ijayo", ikitamkwa siku ya Jumapili, kwa wengine ni Ijumaa iliyo mbele yao siku tano hivi, na kwa wengine ni ile ya juma linalofuata, kwani ya kwanza wao huiita "Ijumaa hii". Usiku nao una shida yake. Kwa hesabu ya asili ya Waswahili siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa. Muumini aliyelelewa Mombasa au Lamu na yule aliyelelewa bara wanaweza kusikia tangazo moja la "kesha la usiku wa Ijumaa" wakafika kwa kupishana usiku mzima. Karani mwenye uzoefu huandika "Ijumaa usiku, tarehe 14, kuamkia Jumamosi, tarehe 15". Mwalimu wa insha angeona tarehe moja imezidi, ilhali hiyo ya pili ndiyo inayouelekeza usiku unakostahili.

Sasa na irejewe ile karatasi ya mfano, kwa kuwa kasoro yake bado haijatajwa. Watoto wa kipaimara wameitwa kanisani Jumamosi saa nne asubuhi, na ndoa inafungwa kanisani humo humo saa ile ile. Mgongano huu umesomwa kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, na bado ni rahisi usisikike. Umelala katika mafungu mawili tofauti, na kati yake wamekaa vijana na ukumbi wao. Matangazo yangepangwa kwa tarehe, mambo hayo mawili yangefuatana, na karani mwenyewe angeyaona kabla ya kumaliza kuandika. Anayeumia ni mzazi ambaye ana mtoto katika mafundisho naye ni mwimbaji wa kwaya itakayoimba arusini. Mpango wa mada humwona kama watu wawili.

Si lazima kuuvunja mpango huo kwa sababu ya kasoro hii, kwani mwito wa kundi una nguvu ambayo kalenda haina. Inatosha karani aandike kwanza kwa tarehe, akague saa na mahali, kisha ahamishe kila tangazo chini ya kichwa chake. Kazi hiyo haizidi robo saa, na msikilizaji hatajua kwamba ilifanyika.

Tangazo la ndoa ndilo limejifunza zaidi kujihadhari, labda kwa sababu ya umri wake. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba nia ya ndoa itangazwe mara tatu katika sikukuu zinazofuatana. Ndoa ya tarehe 15 Juni ikitangazwa Mei 26, Juni 2 na Juni 9, maneno "Jumamosi ijayo" yatakuwa uongo mara mbili na kweli mara moja. Kwa hiyo karatasi yake hutaja siku, tarehe na mwezi, nayo husomwa jinsi ilivyo Jumapili zote tatu, bila neno kubadilishwa.