Mfano Unapogeuka Hukumu

Tangu mwaka 2020, watafiti wa OpenAI walipobainisha katika makala yao juu ya GPT-3 kwamba modeli ya lugha yaweza kushika kazi mpya kwa kuonyeshwa mifano michache ndani ya maelekezo, pasipo kufunzwa upya, imekuwa ada ya waandishi wa maelekezo kuambatanisha ingizo la mfano na JSON inayotarajiwa. Manufaa yake ni dhahiri pale modeli inapofanywa msahihishaji wa majibu, kwani pasipo mfano aghalabu hutanguliza maelezo yasiyoombwa, au huandika alama kwa maneno badala ya tarakimu, na programu inayoyapokea hayo ikashindwa kuyasoma.

Tuchukue, mathalani, msahihishaji anayepima majibu wanayopewa wateja wa maji, kwa alama za 1 hadi 5, ambaye amepewa mfano huu mmoja:

```
Swali: Nimelipa bili. Maji yatarudi lini?
Jibu: Pole kwa usumbufu. Tunashughulikia.
Tokeo: {"alama": 3, "sababu": "Jibu lina adabu lakini halikutaja muda."}
```

Kisha analetewa jibu jingine lisemalo, "Fundi atafika leo kabla ya saa kumi alasiri," naye anatoa alama 3, na sababu yake ni kwamba jibu lina adabu lakini halikutaja muda. JSON hiyo haina kasoro ya umbo hata moja. Programu itaipokea na kuihesabu katika wastani, wala hakuna kengele itakayolia.

Chanzo chake si kigumu kufahamika. Modeli huandika kipande kwa kipande, ikiyategemea yote yaliyotangulia, na maneno ya mfano yamo mbele yake sawia na maneno ya jibu linalopimwa. Mwaka 2021 Zhao na wenzake walionyesha kwamba modeli huelemea lebo iliyokithiri katika mifano, na pia ile iliyo karibu na mwisho wa maelekezo; na mwaka 2022 Sewon Min na wenzake wakaona kwamba, katika kazi nyingi za uainishaji walizozijaribu, lebo za mifano zikiwekwa kwa kubahatisha, usahihi hushuka kidogo tu. Maana yake ni kwamba mfano hufundisha umbo la tokeo na orodha ya lebo kuliko uhusiano wa ingizo na lebo yake. Kwa hiyo anayedhani kwamba kwa mfano mmoja amekwisha kumfafanulia msahihishaji alama 3 ni nini, huenda amemfundisha tu kwamba 3 ni alama ya kawaida.

Ili kutambua kama msahihishaji ananakili mfano, mfano huo na uondolewe, uwekwe mwingine ambao alama yake ya haki ni 1, kisha majibu yaleyale yapimwe tena: wastani ukishuka pamoja na mfano, ilhali majibu hayakubadilika, ushahidi umetimia. Na zile sababu nazo zitafutwe kwa programu, kuona ni ngapi zinazorudia maneno ya mfano neno kwa neno.

Katika tiba, la kwanza ni kuupunguzia mfano mzigo wa umbo, kwa kutumia skima ya JSON pale mtambo unapoweza kuilazimisha, ili mifano ibaki kufundisha hukumu peke yake. Nayo iwe kadhaa, yenye alama za juu na za chini, na mpangilio wake ubadilishwe mara kwa mara. La pili ni kuitanguliza sababu mbele ya alama, maana alama ikiandikwa kwanza, sababu hugeuka wakili wa kuitetea. Wako wanaopendelea kuweka nafasi tupu, kama `<alama 1 hadi 5>`, mahali pa tarakimu halisi. Modeli nyingine huinakili nafasi hiyo kama ilivyo, lakini mimi naliona kosa hilo kuwa jepesi, kwa kuwa hugunduliwa papo hapo.

Dawa iliyo imara kuliko hizo ni kuongeza sehemu ya dondoo:

```
{"dondoo": "kabla ya saa kumi alasiri", "sababu": "...", "alama": 5}
```

Hapo programu hukagua kama maneno ya dondoo yamo kweli ndani ya jibu linalopimwa. Yasipokuwamo, hukumu hukataliwa, na dondoo iliyonakiliwa kutoka katika mfano hunaswa bila ya hoja. Walakini kinga hii ina mpaka wake, nao waangukia palepale penye kosa letu la awali: msahihishaji anapodai kwamba jambo *halikutajwa*, hana cha kudondoa, na dondoo tupu haithibitishi wala haikanushi kitu. Hukumu za namna hiyo sharti zitengwe, na sehemu yake isomwe na mtu kabla ya alama zake kuingizwa katika wastani.