Alama kumi zilizogeuka tano

Kisa tunachowapa wanafunzi wa famasia katika somo la usalama wa dawa ni kifupi. Mwanamume wa miaka 34 amepewa Septrini, yaani kotrimoksazoli, vidonge viwili vya miligramu 480 asubuhi na jioni, pamoja na diklofenaki miligramu 50 kwa maumivu ya mgongo. Saa tatu baada ya kumeza dozi ya kwanza ya dawa zote mbili, mdomo wa chini unawasha na kuungua, kisha linatokea doa la mviringo, jekundu lenye weusi. Doa jingine linatokea nyuma ya mkono wa kulia. Kesho yake anaacha dawa zote. Baada ya siku kumi madoa yamekauka na kubaki meusi. Anaongeza jambo moja: mwaka jana alipotumia Septrini kwa kuharisha, madoa yalitoka palepale.

Kazi ya mwanafunzi ni kupima kama Septrini ndiyo iliyosababisha. Anatumia maswali kumi ya Naranjo, yaliyochapishwa mwaka 1981. Kila jibu lina alama, na jumla ya 9 au zaidi humaanisha ni hakika, 5 hadi 8 yaelekea, 1 hadi 4 yawezekana, na 0 kushuka chini ni shaka tupu.

Wengi huleta jumla ya 10. Wanatoa 1 kwa kuwa dhara hili la Septrini linajulikana, 2 kwa kuwa lilikuja baada ya dawa, 1 kwa kuwa lilipungua dawa ilipoachwa, 2 kwa kuwa lilirudi dawa iliporudiwa, 2 kwa kuwa hakuna sababu nyingine, 1 kwa kuwa aliwahi kupatwa nalo, na 1 kwa kuwa mhudumu aliyaona madoa kwa macho yake. Jibu: hakika.

Humo mna makosa mawili. La kwanza, tukio la mwaka jana limehesabiwa mara mbili: katika swali la nne, la dawa kurudiwa, na katika swali la tisa, la historia ya mgonjwa. Tukio ni moja, na tunalijua kwa maneno ya mgonjwa tu, kwa hiyo linakaa kwenye swali la tisa na kupata 1. Swali la nne linabaki 0.

Kosa la pili ni zito zaidi. Swali la tano linauliza kama kuna sababu nyingine ambayo ingeweza peke yake kuleta dhara. Diklofenaki ipo, ilimezwa saa ileile, na dawa za kundi lake zinajulikana kuleta madoa ya aina hii. Jibu ni ndiyo, na alama ni -1, si 2. Hata kule kupona baada ya kuacha hakututofautishii lolote, maana dawa zote mbili ziliachwa siku moja. Jumla inashuka hadi 5.

Hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kuiweka kalamu chini na kumrudia mgonjwa. Swali ni moja: diklofenaki umewahi kuitumia? Mgonjwa anajibu kwamba aliitumia miezi miwili iliyopita, siku mbili mfululizo, na hakuona kitu. Mwaka jana madoa yalipotoka hakuwa ameimeza. Ni kweli mwili unaweza kuanza kuikataa dawa uliyoizoea, lakini madoa haya yamerudi mahali palepale pa mwaka jana, na mwaka jana diklofenaki haikuwapo. Sasa sababu nyingine imeondolewa kwa hoja, swali la tano linapata 2, na jumla ni 8.

Kwa Naranjo, 5 na 8 zote huitwa "yaelekea". Ukitumia mfumo wa Shirika la Afya Duniani na kituo cha Uppsala, usiojumlisha alama, tofauti inaonekana: kabla ya swali lile, kisa ni "yawezekana", kwa sababu dawa nyingine inaweza kukieleza, baada yake kinapanda kuwa "yaelekea". Kufika "hakika" kwa kawaida kungehitaji kumpa tena Septrini, na hilo halifanywi kwa ajili ya kutafuta alama, kwa sababu dhara la safari ijayo linaweza kuwa kubwa zaidi.

Taarifa kwa mamlaka ya dawa haisubiri uhakika, shaka inatosha. Lakini anayeisoma hatamwona mgonjwa. Kwa hiyo fomu iwe na tarehe na saa ya kuanza na kuacha kila dawa, si ile inayoshukiwa tu, na maelezo yaandikwe hivi: "Madoa yametoka palepale yalipotoka mwaka jana baada ya Septrini pekee; diklofenaki ilitumika miezi miwili kabla bila tatizo." Sentensi hiyo inamwezesha msomaji kupima upya mwenyewe. Namba 8 peke yake haimwezeshi.