Kamba Yenye Ncha Tatu: Taharuki ya Pembetatu ya Mapenzi katika Vuta N'kuvute

Wanafunzi wa fasihi tunapoulizwa kwa nini watunzi hupenda kisa cha watu watatu wanaopendana kwa mkorogano, jibu letu la haraka huwa kwamba msomaji anataka kujua nani atampata nani. Makala haya yanadai kuwa jibu hilo halitoshi. Swali la nani atampata nani hujibika kwa sentensi moja, na likishajibiwa hadithi huwa imekwisha. Taharuki inayodumu hutokana na swali jingine: anayechagua atalipa nini? Nitaonyesha hoja hii kwa riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Jina lake lenyewe linataja mchezo wa kuvutana kamba, na mchezo huo hauendi ikiwa upande mmoja umeachia.

Riwaya inatupeleka Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, anaozwa kwa Raza, mfanyabiashara wa miaka 52. Hapa mtunzi ana tatizo la kiufundi ambalo wengi wetu tunaoandika hadithi fupi tunalijua. Raza havutii. Yasmin hampendi hata siku moja, na msomaji hana shaka juu ya jambo hilo. Ikiwa pembe moja ya pembetatu haina mvuto, akitokea kijana yeyote mzuri, kamba itakwenda upande mmoja bila ubishi. Hadithi nyingi za tajiri mzee na kijana maskini hufia hapo. Tunajua mwisho tangu ukurasa wa kwanza, na kinachobaki ni kusubiri.

Shafi anaepuka shimo hilo kwa kumpa Raza nguvu isiyotoka moyoni mwa Yasmin. Nyuma ya Raza wamesimama mama, mjomba na jamaa nzima. Yasmin anapomtoroka mumewe Mombasa na kurudi Unguja, hafungi tu mlango wa nyumba ya Raza. Mlango wa nyumba ya wazazi nao unafungwa usoni pake. Anaishia Ng'ambo kwa Mwajuma, mwanamke Mswahili ambaye watu wake Yasmin hawakutaka hata achanganyike naye. Kwa hiyo mvutano wa kwanza wa riwaya hauko kati ya wanaume wawili. Uko kati ya uhuru wa Yasmin na ukoo wake, na Raza ni ncha tu ya kamba iliyoshikwa na watu wengi. Msomaji anahangaika kwa sababu anaona bei: binti wa miaka 15 amebaki bila kwao.

Anapoingia Denge, kamba inabadilika. Denge ni kijana aliyesoma Urusi, mwanaharakati anayepinga ukoloni, na polisi wanamwinda. Yasmin anampenda. Mtunzi wa kawaida angemleta sasa kijana wa pili anayemtaka Yasmin, wagombane. Shafi anamleta Inspekta Wright, Mwingereza wa polisi, ambaye hana haja na mapenzi ya Yasmin. Anachotaka ni habari za Denge, na Yasmin anatakiwa kuzitoa. Pembe ya tatu imekuwa serikali.

Tuangalie hatua hii inavyofanya kazi. Kabla ya Wright, Yasmin na Denge wakikaa pamoja, msomaji anasoma mazungumzo ya wapenzi. Baada ya Wright, mazungumzo yaleyale yana hatari ndani yake, kwa kuwa tunajua kuna sikio la tatu linalosubiri. Mtunzi hahitaji kuongeza bunduki wala mbio. Hii ndiyo tofauti ya taharuki na mshangao. Katika mshangao, msomaji hajui jambo mpaka linapotokea. Katika taharuki, msomaji anajua kabla, na ujuzi huo ndio unaomkosesha raha. Pembetatu humfaa mtunzi kwa sababu hii hasa: katika watu watatu, siku zote yuko mmoja ambaye hayupo chumbani, na msomaji anabeba siri yake.

Denge naye ana mpenzi mwingine, ila si mwanamke. Ni harakati. Yasmin anashindana na mikutano ya siri, makaratasi yaliyopigwa marufuku na uwezekano wa jela. Mpinzani wa namna hii ni mgumu kuliko mwanamke mwingine, maana Yasmin hawezi kumchukia bila kuchukia kile kinachomfanya Denge awe Denge. Hapa kila upande una haki yake, na ndiyo maana kamba haisogei kwa urahisi.

Kisha yupo Bukheti, jirani wa Mombasa tuliyekutana naye mapema, mtu wa upole anayempenda Yasmin. Denge analazimika kuondoka Unguja, na mwishowe Yasmin anaolewa na Bukheti. Tulipoijadili riwaya hii hapa Kagarama, wenzangu kadhaa walisema mwisho huu ni dhaifu, kwamba Bukheti amewekwa kama zawadi ya kumfariji. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli kwamba Bukheti hakai machoni petu kwa muda wa kutosha, hivyo hatupati nafasi ya kumtamani pamoja na Yasmin. Kama pembe ya kamba, anavuta kidogo. Lakini ukiuliza swali la bei, mwisho unasimama. Yasmin anapata utulivu, na anaulipia kwa kumkosa mtu aliyempenda. Tunafunga kitabu tukiwa tumejua nani kampata nani, na bado hatujatulia.

Je, taharuki ya mapenzi inahitaji mtu wa tatu kila mara? Hapa Rwanda tuna mfano unaosema hapana. Mchezo wa redio Musekeweya, ulioanza kurushwa mwaka 2004, una wapenzi Shema na Batamuliza. Kinachowatenganisha ni uhasama wa vijiji vyao viwili, Muhumuro na Bumanzi. Hakuna haja ya mchumba wa pili, maana kijiji kizima kinavuta. Mfano huu unatusaidia kuona kilichofichika katika Vuta N'kuvute: pembe ya tatu ni nafasi, na nafasi hiyo inaweza kukaliwa na mume, polisi, harakati au kijiji. Uzuri wa Shafi ni kwamba anabadilisha wakaaji wa nafasi hiyo, na kila anapobadilisha, swali la msomaji nalo linabadilika.

Kutokana na hayo, napendekeza kipimo kwa mhakiki na kwa mwanafunzi anayetunga. Mwondoe mtu wa tatu katika kisa, kisha tazama kilichopungua. Ukimwondoa Raza, Yasmin hafukuzwi kwao. Ukimwondoa Wright, mapenzi ya Ng'ambo hayana hofu. Ikiwa katika hadithi yako kinachopungua ni ugomvi wa wivu peke yake, basi mtu huyo hakuwa ameshika kamba. Alikuwa mtazamaji pembeni ya uwanja.