Pundamilia kwenye malisho: kumfikishia mfugaji utafiti bila kuupinda

Mwaka 2011 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti mfupi kutoka Laikipia, Kenya, ulioandikwa na Wilfred Odadi, Moses Karachi, Shaukat Abdulrazak na Truman Young. Waliuliza swali ambalo wafugaji wa nyika hubishania kila mwaka: ng'ombe akilisha pamoja na wanyamapori wala majani, hupungukiwa au la? Jibu lao lilikuwa na pande mbili. Kiangazi, ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori walipata ongezeko dogo la uzito kuliko wale waliolisha peke yao. Mvua iliponyesha mambo yaligeuka, waliochangia malisho wakaongezeka zaidi.

Tuchukulie kwamba jarida la wafugaji linataka kuwapa wasomaji wake habari hii katika aya moja. Sentensi inayomjia mwandishi haraka ni hii: "Wanasayansi wamegundua kuwa pundamilia huwanufaisha ng'ombe." Ni fupi, inavutia, na imeacha nusu ya matokeo nje. Mfugaji akiisoma mwezi ambao nyasi zimekwisha, atakuwa ameshauriwa kinyume cha kile utafiti ulichokiona. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kufupisha utafiti huu ni kwamba msimu na matokeo vikae ndani ya sentensi moja. Sharti likiachwa lisubiri sentensi inayofuata, mhariri anayetafuta nafasi atalikata, na msomaji mwenye haraka hatalifikia.

Kabla ya kuandika sentensi hiyo, mwandishi arudi kwenye sehemu ya mbinu aone ni nini hasa kililinganishwa. Utafiti ulifanyika Kituo cha Utafiti cha Mpala, kwenye jaribio la uzio lililoanzishwa mwaka 1995 katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunata mvua ikinyesha. Jaribio zima lina viwanja 18, kila kimoja cha hekta 4. Kuna viwanja vyenye uzio wa umeme unaozuia wanyamapori wote wakubwa. Vingine vina nyaya zinazoning'inia juu, hivyo pundamilia hupita chini yake lakini tembo na twiga hawapiti. Vingine havina kizuizi. Kila aina ya kiwanja, yenye ng'ombe na isiyo na ng'ombe, imerudiwa mara tatu. Odadi na wenzake walichukua viwanja vinavyoruhusu ng'ombe, wakalisha mitamba humo na kuwapima uzito, kiasi cha chakula walichokula na ubora wa chakula hicho.

Maelezo haya yana faida kubwa kwa mwandishi wa muhtasari. Yanamwonyesha kwanza kwamba hakuna kiwanja kilichoruhusu pundamilia peke yao. Uzio ulipozuia, ulizuia kundi zima la wala majani wa ukubwa huo: pundamilia, kongoni, pofu, choroa na swala. Kwa hiyo kilichojaribiwa ni wanyamapori wala majani kama kundi. Pundamilia wanatajwa kwa sababu ndio wengi miongoni mwa walaji nyasi wakubwa wa eneo hilo, na kwa sababu ulaji wao unaeleza vizuri kilichoonekana kwenye mizani. Hiyo ni hoja nzuri, lakini ni ya daraja jingine, na muhtasari mwaminifu utaandika "wanyamapori wala majani, hasa pundamilia".

Hapa inasaidia kupanga kila sentensi ya utafiti kwenye fungu lake: lililopimwa, lililoelezwa, na linaloshauriwa. Uzito ulipimwa. Kiasi cha chakula kilipimwa pia, na kiangazi kilikuwa kidogo pale wanyamapori walipokuwepo. Ubora wa chakula wakati wa mvua ulikuwa bora pale walipokuwepo. Haya yanaandikwa kwa uhakika, bila "huenda" wala "inadaiwa".

Sababu ziko kwenye fungu la pili. Kiangazi nyasi ni haba, na kinachoingia mdomoni mwa pundamilia hakimfikii ng'ombe. Wakati wa mvua nyasi zipo tele, lakini zinakomaa, na mashina makavu yanayasonga majani mabichi. Ng'ombe hucheua, na lishe ngumu hukaa muda mrefu tumboni kabla hajaweza kula nyingine. Pundamilia hacheui. Chakula hupita upesi, ndiyo maana anaweza kuishi kwa kula mashina mengi ambayo ng'ombe angeyaepuka. Mashina yakiondolewa, ng'ombe anakuta majani laini yenye protini zaidi. Mwaka huohuo Odadi alishiriki utafiti mwingine uliowaweka punda pamoja na ng'ombe, na ng'ombe hao pia waliongezeka uzito kuliko waliolisha peke yao. Hilo linaitilia nguvu hoja ya pundamilia, maana tumbo la punda linafanya kazi vivyo hivyo. Katika muhtasari sababu hizi zianze na "watafiti wanaeleza kuwa", ili mfugaji ajue mizani imeishia wapi na maelezo yameanzia wapi.

Fungu la tatu, la ushauri, ndilo linalotaka mkono mzito. Utafiti huu ulipima mitamba. Haukupima maziwa wala idadi ya ndama, na haukuhesabu magonjwa yanayotoka kwa wanyamapori wala ng'ombe walioliwa na simba. Ng'ombe kwenye viwanja hivyo hulishwa kwa kiasi cha wastani, kwa hiyo malisho yaliyokwisha kuchakaa kwa mifugo mingi hayakujaribiwa. Wala mwandishi asichukue faida ya mvua akaitoa kwenye hasara ya kiangazi ili apate jibu moja la mwaka mzima. Kiangazi kikirefuka hesabu hiyo inaharibika, na mfugaji wa nyika anajua urefu wa kiangazi haupangwi.

Baada ya kupita hatua hizo, aya ya jarida inaweza kusomeka hivi:

"Katika malisho ya Laikipia, mitamba waliolisha pamoja na wanyamapori wala majani, hasa pundamilia, waliongezeka uzito kidogo kiangazi lakini zaidi wakati wa mvua, wakilinganishwa na mitamba waliolisha peke yao. Kiangazi walipata chakula kidogo. Wakati wa mvua walipata chakula bora. Watafiti wanaeleza kuwa pundamilia hula mashina makavu na kuwaachia ng'ombe majani laini. Utafiti ulifanyika kwenye udongo mweusi wenye ng'ombe wa kiasi, na haukupima maziwa, magonjwa wala hasara ya wanyama wakali."

Ina sentensi tano tu, na haina istilahi wala asilimia. Asilimia zingeweza kuwekwa, lakini msomaji angezibeba hadi kwenye boma lake, ambako udongo, mvua na idadi ya ng'ombe ni tofauti. Mwelekeo wa matokeo husafiri vizuri kuliko kiwango chake.

Kipimo cha mwisho ni kumpa aya hiyo mfugaji mmoja na kumwuliza angefanya nini pundamilia wakiingia malishoni mwake. Akijibu "niwafukuze" au "niwaache" bila kuuliza ni mwezi gani, aya bado haijakamilika, na kasoro yake iko kwenye sentensi ya kwanza.